Mama kapata kiharusi, pasi yangu iko kwenye droo ya bosi: nimwambie sasa au nisubiri makaratasi?

BARUA

Shikamoo mama mshauri, naomba jina langu lisitoke. Mi nafanya kazi nje ya nchi, namwangalia mama mzazi wa bosi wangu, ni bibi mtu mzima sana hatembei, mi ndo namgeuza, namwogesha, namlisha na usiku nalala chumbani kwake. Juzi mdogo wangu kanipigia simu mama yetu kapata kiharusi, yuko chumba cha wagonjwa mahututi, upande mmoja haufanyi kazi na maneno hayatoki. Tangu siku hiyo usingizi sina.

Shida ni pasi yangu. Imeisha muda, na anayeitunza ni bosi, iko kwenye droo ya meza yake. Siku yangu ya mapumziko nikaenda ubalozini kimya kimya na kopi iliyokuwa kwenye simu, wakaniambia pasi mpya itachukua muda mrefu ila kwa dharura kama hii naweza kupewa hati ya dharura ya kusafiria, nilete pasi ya zamani yenyewe, picha, barua ya hospitali na bukingi ya ndege. Tarehe hawakunipa, wamesema inategemea uthibitisho kutoka nyumbani.

Bosi bado sijamwambia. Dada aliyekuwepo kabla yangu alienda kuzika kwao hakurudi, mpaka leo akitajwa bosi anakunja uso. Naogopa nikimwambia sina tarehe ataona nataka kutoroka, afute kibali changu au aniambie nenda moja kwa moja, na huu mshahara ndo unalipa hospitali. Ajenti kasema nikae kimya mpaka kila kitu kikamilike, alafu nikaripoti polisi kwamba pasi imepotea ili ubalozi wanipe hati bila bosi kujua. Rafiki yangu yeye anasema nimwambie mama amefariki, eti kwa mgonjwa ruhusa hawatoi ila kwa msiba wanatoa. Mdogo wangu analia kila siku nije. Nimwambieje bosi, na lini? Nisaidie.

Binti wa mbali

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kumhudumia mama wa mtu mwingine usiku kucha huku wako kalala hajiwezi ni mzigo mzito, na naona bado bibi unamgeuza na kumlisha kama kawaida. Mungu amnyanyue mama.

Ntaanzia kwenye jambo moja ambalo wewe, ajenti na rafiki yako wote mnalichukulia kama limeshakubalika, kwamba makaratasi yanatangulia alafu bosi ndo anafuata mwishoni. Hebu yaangalie hayo makaratasi yanapitia wapi. Ubalozi wanataka pasi ya zamani, pasi iko kwenye droo ya bosi. Ukitaka kurudi kazini utahitaji kibali chako kiendelee kuwa hai ukiwa nje, na kuna nchi ambazo mfanyakazi yuko chini ya mwajiri, ruhusa ya kutoka na kurudi anaiomba mwajiri mwenyewe au haitoki bila yeye. Kwa hiyo bosi yuko ndani ya hayo makaratasi tangu hatua ya kwanza. Ukisema unasubiri yakamilike ndo umwambie, inawezekana unasubiri kitu ambacho bila yeye hakikamiliki, na huku siku zinaenda na mama yuko kitandani.

Njia ya kumruka uliyopewa ni hiyo ya ajenti, na hiyo nataka uielewe vizuri kabla hujaikubali au kuikataa. Ukienda polisi ukasema pasi imepotea wakati unajua iko kwenye droo, umetoa taarifa ya uongo polisi, kwenye nchi ya watu, na hilo peke yake linaweza kuwa kesi. Alafu kuna la pili ambalo maajenti wengi hawalisemi. Polisi wa kimataifa, Interpol, tangu 2002 wana hifadhi ya namba za pasi zilizoibiwa na zilizopotea, nchi iliyokupa pasi ikishaiingiza namba yako mule, maafisa wa mipakani kwenye nchi wanachama wanaweza kuiona. Kibali chako cha kuishi mara nyingi kimefungwa na namba hiyo hiyo ya pasi. Siku unataka kurudi kazini kwa viza iliyo kwenye hiyo pasi ya zamani, utaambiwa hii imeripotiwa imepotea, keti pembeni. Na bosi akifungua droo akaikuta pasi ipo huku wewe umeondoka kwa hati ya “pasi imepotea”, ile hofu yake ya kutorokwa umemthibitishia kwa maandishi ya polisi.

La kusema mama amefariki nalielewa linakotoka, watu wameona wenzao wakikataliwa ruhusa ya kuuguza. Ila fikiria itakavyokuwa. Faili lako la ubalozini linasema mama anaumwa, barua ya hospitali inasema amelazwa, bosi akiomba cheti cha kifo huna. Na Mungu apishe mbali, likija kutokea kweli baadaye ukiwa umerudi kazini, utamwambia nini? Kabla ya yote soma mkataba wako, wengine wana kifungu cha likizo ya dharura ya familia kinachotaja ugonjwa wa mzazi na wengine kinataja msiba tu, na hata kama kinataja msiba tu bado unaweza kuomba likizo ya kawaida uliyoshajikusanyia au ruhusa bila mshahara. Hizo ni njia tatu tofauti na bosi anaweza kukataa moja akakubali nyingine, kwa hiyo jua unaomba ipi.

Sasa hii hofu ya bosi. Unasema atafikiri unatoroka, na sababu ni yule dada wa kwanza. Mi sipingi, wewe ndo unamjua. Ila jiulize, yeye kilimuuma nini hasa? Yule dada aliondoka, bibi akabaki bila mtu, na bosi hakujua lini au kama atarudi. Huo ndo uchungu wake na ndo atakaousikia tena ukimwambia “nataka kwenda nyumbani” basi. Kwa hiyo kuliko kusubiri mpaka uwe na tarehe, ambayo haiko mikononi mwako, unaweza kumpa vitu vingine vya kushika: kilichotokea kikiwa na ushahidi, makaratasi yamefikia wapi, unaomba nini na kwa muda gani, na bibi atabaki na nani.

Ushahidi kwanza, maana hapa watu wengi wanakwama. Mwambie mdogo wako aombe hospitali barua yenye nembo ya hospitali, jina kamili la mama, tarehe aliyolazwa, ugonjwa, hali yake sasa hivi, na jina la daktari, sahihi na muhuri. Picha ya mama na mirija puani haisaidii kitu ubalozini, na kwa bosi inaumiza tu. Alafu angalia jina, hili naliona sana: hospitali wameandika jina ambalo mtaani wote wanamjua nalo, cheti chako cha kuzaliwa kina jina lingine, na kwenye pasi yako jina la mama halipo kabisa. Mtu wa ubalozi anakaa na karatasi mbili haoni hawa wanahusianaje, na huo uthibitisho kutoka nyumbani unachelewa kwa ajili hiyo. Barua ikiwa bado haijatoka waambie waandike jina kama lilivyo kwenye cheti chako, au kama ameshasajiliwa na lile lingine waandike yote mawili, na wewe tuma kopi ya cheti pamoja na barua. Barua ikiwa kwa lugha ambayo bosi haisomi, tafuta tafsiri fupi, hata ubalozi unaweza kukuelekeza kwa mtafsiri anayetambulika.

Kuhusu kusema, kama mngekuwa na uelewano wa kawaida ningesema ongea naye uso kwa uso, muda ambao bibi amelala na yeye hayuko mlangoni anatoka, alafu siku hiyo hiyo umtumie meseji inayosema hayo hayo. Mdomo peke yake hautoshi, baada ya siku kadhaa kila mtu atakuwa anakumbuka kivyake, na ikija kufika ubalozini au ofisi ya kazi hiyo meseji ndo itakayokusemea. Inaweza kuwa hivi, ubadilishe kwa maneno yako:

“Bosi, mama yangu mzazi amepata kiharusi, amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Barua ya hospitali nimekutumia hapa. Naomba ruhusa ya dharura ya wiki tatu nikamwone, alafu nirudi kazini. Pasi yangu imeisha muda, ubalozi wamesema watanipa hati ya dharura ya kusafiria nikiwapelekea pasi ya zamani. Tarehe ya kusafiri bado siijui kwa sababu hati haijatoka, kila jioni ntakwambia imefikia wapi. Naomba unipe pasi niipeleke ubalozini, na uniambie ruhusa ya kutoka na kurudi inaombwaje kwa upande wako. Kuhusu bibi nimeandika ratiba yake yote na niko tayari kumfundisha atakayenishikia nafasi.”

Wiki tatu nimeweka kama mfano, muda unaujua wewe. Ila ona hiyo meseji haina ahadi usiyoweza kuitimiza. Usimwambie “nasafiri ijumaa” ili kumtuliza, ijumaa ikifika hati haijatoka ataanza kuona unamzungusha, na hapo kila utakachosema atakipima mara mbili. Kusema sijui ukaeleza kwa nini hujui, na lini utajua zaidi, kunashika kuliko tarehe ya kubuni.

Na hiyo ratiba ya bibi iandike kweli, usiku huu kama unaweza. Dawa gani saa ngapi na kabla au baada ya kula, anageuzwa kila baada ya saa mbili na anaanza kulalia upande gani, wapi ngozi imeanza kuwa nyekundu, anakunywaje bila kupaliwa, akinung'unika vile anataka nini. Hayo yako kichwani mwako peke yako. Bosi akiyaona kwenye karatasi ataona huwaachi solemba, na kusema ukweli hata wewe utasafiri moyo ukiwa umetulia kidogo juu ya yule bibi.

Anaweza kujibu kwa namna kadhaa, na jiandae nazo zote. Anaweza kukubali vizuri. Anaweza kukubali kwa mdomo ila pasi hatoi, anasema subiri subiri. Anaweza kusema nenda ila usirudi. Akiishikilia pasi ujue kwamba Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, kifungu cha 9, unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe za kusafiria na za utambulisho. Una mipaka yake, unaibana nchi iliyouridhia, na si nchi zote zimeridhia. Ila pia nchi nyingi zina sheria zao zinazokataza mwajiri kukaa na pasi ya mfanyakazi, hata pale ambapo watu wamezoea kufanya hivyo. Mi nisingeanza na sheria siku ya kwanza, ukianza hivyo na mtu ambaye bado hajakataa unamfanya ajilinde. Iweke karibu tu. Na ubalozi, kazi yao kisheria ni pamoja na kuwapa raia wao hati za kusafiria na kuwatetea, unaweza kumwomba afisa wa huko ampigie bosi au amwandikie barua kwamba wanaihitaji hiyo pasi. Mabosi wengi wanaomkatalia dada wa kazi wanaijibu barua ya ubalozi.

Akisema nenda usirudi, pumua kwanza, usijibu papo hapo. Usisaini karatasi usiyoweza kuisoma, wala karatasi nyeupe, na angalia sana isije ikawa barua ya kuacha kazi kwa hiari wakati wewe umeomba ruhusa, maana kwenye mikataba mingi hilo ndo linaamua nani analipa tiketi na kama stahiki zako zinabaki. Muulize kwa meseji: mshahara mpaka siku ya mwisho utalipwa lini, na tiketi ni ya nani. Alafu hapo utakuwa na uamuzi mgumu ambao mi siwezi kukufanyia, kati ya kwenda ukijua kazi imeisha na kubaki ukituma hela.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu haya yote nimesema nikiamini bosi wako ni mtu wa kukasirika tu. Je amewahi kukufungia ndani? Kukunyang'anya simu? Kukaa na mshahara wako miezi kama adhabu? Yule dada wa kwanza unajua kweli kwa nini hakurudi? Kama kuna moja kati ya haya, mpangilio unabadilika. Hapo kumwambia mapema kunaweza kukufunga badala ya kukufungulia, na ubalozi ndo wanapaswa kujua kwanza: waambie wazi pasi inashikiliwa na mwajiri, usiseme imepotea. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kwenye faili lao, na balozi nyingi zinaweza kutoa hati ya dharura bila pasi ya zamani pale zinapoelewa iko wapi na kwa nini huwezi kuipata. Mtumie mdogo wako anuani kamili unapoishi na jina la bosi, mpange na muda wa kupigiana kila siku, ndo uongee na bosi.

Kuna hili la hati yenyewe ambalo ningependa ulipime kabla hujaomba chochote. Hati ya dharura kwa kawaida ni ya safari moja ya kurudi kwenu, muda wake mfupi, na mara nyingi ukifika uhamiaji wanaichukua. Itakufikisha kwa mama haraka, kurudisha kazini haikurudishi. Kurudi utahitaji pasi mpya, na hiyo utaiomba ukiwa nyumbani, huku likizo inatembea na kibali kina kikomo cha muda wa kukaa nje. Kwa hiyo hizo wiki unazoomba zihesabu na foleni ya pasi ndani yake, na maombi yaingize siku za mwanzo kabisa ukifika, usisubiri mama apate nafuu ndo uanze. Na ubalozini waombe pasi ya zamani wakurudishie hata wakiifuta, tena wasikate wala kutoboa ukurasa wenye viza, ili ukipata mpya uzishike zote mbili pamoja. Bosi au uhamiaji wa huko muulize kabla ya kuondoka: kibali changu kitahamishiwa kwenye pasi mpya vipi, na nani anafanya hivyo nikiwa nje?

Tiketi usilipie kabla hati haijatoka mkononi. Ubalozi wamekwambia bukingi, na bukingi unaweza kuchapishiwa bila kulipa, muulize vizuri afisa kama hiyo inatosha. Ukija kulipa tafuta inayobadilishika tarehe, na piga simu shirika la ndege uwaambie kabisa unasafiri kwa hati ya dharura na unaunganisha ndege nchi fulani, maana kuna viwanja havikubali hati hizo kwa abiria wa kupita, na anayekuzuia hapo ni mtu wa kaunta kabla hata hujapanda. Ndege ya moja kwa moja ikiwepo, hata kama ni ghali kidogo, inakuondolea hilo.

La mwisho ni la mama mwenyewe, na nakuuliza kwa upole. Mdogo wako anasema uje, umeshaongea na daktari? Mwombe mdogo wako ampe daktari simu umuulize anaionaje hali, na wao wanategemea nini wiki hizi. Kuna wakati jibu ni njoo sasa. Kuna wakati wanasema ametulia, na kazi kubwa itakuwa siku akiruhusiwa kwenda nyumbani, kumgeuza, kumfundisha kumeza, kumfanyisha mazoezi ya mkono na mguu, kazi ambayo hapo ulipo unaifanya kila siku na mdogo wako hajawahi. Mi sisemi usubiri. Mtu ana haki ya kutaka kushika mkono wa mama yake leo, bila hesabu yoyote. Nasema tu ujue unaenda kufanya nini, kwa sababu likizo pengine utaipata mara moja, na ukishajua hilo hata idadi ya wiki unazomwomba bosi itabadilika. Na hali ya mama ikigeuka kabla hujasafiri, iwe kwa heri au kwa shari, mwambie bosi siku hiyo hiyo na barua mpya ya hospitali uiambatanishe, ubalozi nao wapelekee kopi, maana faili linaloonyesha hali mahututi mara nyingi hushughulikiwa kabla ya mengine.